Injini Chini ya Mwembe: Kikomo cha Kazi Zilizo Mkononi na Foleni Isiyoonekana

*Mhadhara uliotolewa jijini Mwanza mbele ya wenye gereji na viwanda vidogo, watumishi wa ofisi na wanafunzi wa vyuo. Umechapishwa karibu kama ulivyosemwa.*



Nawashukuru wale waliotoka Kirumba na Igombe wakiwa bado na mafuta ya injini mikononi. Nitayazungumza mambo yenu, na nikikosea mnisahihishe hapa hapa.

Nimekuja na jambo moja. Wengi wenu mmekwisha kuuona ubao wa kanban, kama si gerejini basi ofisini. Ni ubao uliogawanywa kwa safu, kila kazi ina kadi yake, na kadi inahama safu kwa safu kadiri kazi inavyosonga. Baadhi yenu mnao kwenye kompyuta. Lakini mbao nyingi ninazoziona hazina namba juu ya safu. Namba hiyo, inayosema safu hii isizidi kadi ngapi, ndiyo tunayoiita kikomo cha kazi zilizo mkononi, na ndiyo mada yangu. Nataka kuonyesha kwamba kazi yake ya kwanza ni kukilazimisha kile kinachosubiri kionekane. Wanaodhani kiliwekwa ili kuwaharakisha mafundi wamekielewa vibaya. Nitasema pia kwamba kikomo kisichozigusa safu za kusubiri hakizuii kitu.

Nitatumia mfano wa gereji moja ya injini za mitumbwi kando ya ziwa hili. Mwenyewe, mama mmoja hodari, aliniruhusu kuieleza bila kuitaja. Nilikuwa pale kwa muda wa miezi minne.

Hoja ya kwanza: kusubiri hakufanani na kazi, ndiyo maana hatukuhesabu

Wote tuliowahi kuvuka Kigongo kwenda Busisi kabla ya daraja kufunguliwa mwezi Juni 2025 tunakumbuka hesabu yake. Kivuko chenyewe kilivuka kwa nusu saa hivi. Lakini mtu akiulizwa, "Umetumia muda gani kuvuka?", alijibu saa mbili, na siku mbaya zaidi ya hapo, kwa sababu alihesabu tangu alipozima gari kwenye foleni. Abiria hakosei katika hesabu hii. Anayekosea ni fundi, na ofisi pia, maana wao huanza kuhesabu pale wanaposhika spana au wanapofungua jalada.

Siku ya kwanza nilimwuliza fundi mkuu wa gereji ile, injini moja huchukua muda gani kutengenezwa. Akanijibu bila kusita: "Siku moja, mwalimu, ikiwa nzito siku mbili au tatu." Alisema kweli. Kisha tukazunguka uani tukahesabu. Chini ya mwembe, ukutani na ndani ya banda zilikuwamo injini 26, nyingi za farasi 15 na chache za farasi 40. Daftari la malipo lilionyesha kwamba kwa mwezi mmoja wa mbalamwezi hadi mbalamwezi zilikuwa zikitoka injini 13 kwa wastani.

Kuna kanuni ambayo John Little aliithibitisha kwa hesabu mwaka 1961, na ni nyepesi kiasi kwamba kijana wa mapokezi aliielewa kwa dakika tano. Idadi ya vitu vilivyomo ndani ni sawa na kasi ya kutoka ukizidisha na muda ambao kila kimoja hukaa. Vitabuni huandikwa L = λW. Ukijua mbili unaipata ya tatu: injini 26 zimo ndani, 13 zinatoka kwa mwezi, basi kwa wastani injini moja inakaa miezi miwili. Siku mbili za spana ndani ya miezi miwili ya kukaa! Kanuni hii ni ya wastani, na inahitaji kipindi kirefu ambacho zinazoingia na zinazotoka zinakaribiana. Ndiyo maana nilihesabu kwa mwezi mzima, nikaacha kuhesabu kwa wiki. Wavuvi mliomo humu mnajua sababu, nami nitaifikia.

Swali likawa, siku hizo zote zinakwenda wapi. Mafundi hawakuwa wavivu. Walifika saa moja asubuhi, jioni waliondoka wamechoka. Nilikaa siku tatu nikiwatazama, nikaona. Injini inafunguliwa, kinakosekana kitu, inawekwa pembeni, inafunguliwa nyingine. Anakuja mwenye injini ya tatu, ana hasira, ya kwake inashushwa na kuanzwa. Siku spea ya ile ya kwanza ikifika, fundi hakumbuki nati zake aliziweka kopo gani. Na lipo baya zaidi, ambalo mafundi waliniambia kwa sauti ya chini: injini iliyokaa wazi huanza kunyofolewa. Kabureta ya ile iliyo chini ya mwembe inaazimwa kukamilisha ya mteja anayesubiri mlangoni, kwa nia njema kabisa ya kuirudisha. Baada ya mwezi, injini iliyoletwa kwa tatizo la plagi inakuwa na matatizo manne, na matatu ameyazaa fundi mwenyewe.

Kwa hiyo wingi wa kazi zilizo wazi hauishii kuzirefusha zile zinazosubiri. Unatengeneza kazi nyingine mpya. Tulipokadiria pamoja, karibu nusu ya siku za mafundi wale wawili ilikuwa ikiliwa na kufungua upya, kutafuta, kurudishia na kujibu simu za wanaouliza "yangu imefika wapi?"

Hoja ya pili: ubao bila kikomo ni picha tu

Hapa nina historia fupi. Kanban ni neno la Kijapani lenye maana ya kibao au kadi ya ishara. Katika viwanda vya Toyota, chini ya mhandisi Taiichi Ohno, kadi hizo zilianza kutumika katika miaka ya 1950 zikiwa na sharti moja: pasipo kadi, hutengenezi. Aliyehitaji sehemu aliichukua pamoja na kadi yake, na kadi ile iliporudi kwa mtengenezaji ndipo alipopata ruhusa ya kutengeneza nyingine. Idadi ya kadi ndiyo iliyokuwa kikomo. Ubao wenye safu ulikuja baadaye sana. David Anderson, aliyelipeleka wazo hili kwa watengenezaji wa programu za kompyuta na kuliandikia kitabu mwaka 2010, anasimulia alivyotembelea bustani za kasri la mfalme mjini Tokyo. Mlangoni kila mgeni alipewa kadi bila malipo, akairudisha alipotoka. Zikiisha kadi, aliye nje anangoja mwingine atoke. Basi bustani haijai kupita uwezo wake, na foleni inakuwa mahali ambapo kila mtu anaiona.

Neno la msingi hapo ni *inaonekana*. Gereji yetu ilikuwa tayari na ubao kabla sijafika, plaiwudi iliyopakwa rangi nyeusi, kadi za manila, safu saba nzuri kabisa: zilizopokelewa, uchunguzi, zinasubiri idhini ya mwenye injini, zinasubiri spea, matengenezo, majaribio, tayari. Mama alijivunia, na alikuwa na haki. Lakini safu ya spea ilikuwa na kadi saba, na hapakuwa na mtu aliyeshtuka, kwa sababu juzi zilikuwa sita na mwezi uliopita tano. Jicho huzoea. Ukiitazama picha ya msongamano kila siku, inageuka kuwa ukuta tu.

Tukaandika namba juu ya safu kwa chaki nyekundu: uchunguzi 2, idhini 2, spea 3, matengenezo 2, majaribio 1. Jumla 10. Matengenezo tuliandika 2 kwa sababu mafundi ni wawili. Majaribio 1 kwa sababu pipa la maji la kujaribia injini ni moja. Hizo mbili zilikuwa rahisi. Ubishi ulikuwa kwenye zile za kusubiri.

Fundi mkuu alisema jambo ambalo nimelisikia pia maofisini: "Mwalimu, za kusubiri usizihesabu. Hazitumii nguvu yetu. Mwenye injini hajajibu, sisi tufanyeje?" Tena mbao nyingi za kompyuta zimepangwa hivyo hivyo. Kazi ikikwama, inaburutwa hadi kwenye safu ya pembeni isiyo na namba, na mtu anavuta nyingine. Naomba mnisikilize vizuri hapa, maana ndicho kiini cha mhadhara huu. Ukizitoa zinazosubiri nje ya hesabu, umetoboa pipa chini. Kila kazi inayokwama inafungua nafasi ya kazi mpya, kazi mpya nayo inakwama, na kikomo chako cha mbili kinaheshimiwa kikamilifu huku ua unajaa. Utakuwa na safu ya matengenezo yenye nidhamu na mwembe wenye injini ishirini.

Tukakubaliana: zinazosubiri zinahesabiwa, na sheria ya kuvuta ni moja. Huruhusiwi kuitoa kadi safu moja hadi nyingine kama safu inayofuata imejaa.

Hoja ya tatu: kikomo hufanya kazi yake siku kinapouma

Tulianza Jumatatu. Tayari tulikuwa tumezidi: idhini 6 dhidi ya 2, spea 7 dhidi ya 3. Maana yake hakuna injini iliyomaliza uchunguzi ingeweza kusonga, na kwa kuwa uchunguzi nao ulikuwa na mbili, hakuna mpya iliyoweza kuanzwa. Kufikia saa nne asubuhi mafundi walikuwa wamemaliza waliyoweza kumaliza. Wakakaa kwenye benchi. Nje ya geti palikuwa na vijana wawili wameshusha injini kutoka kwenye bodaboda.

Mama akanijia. "Mwalimu, hawa nawalipa kwa siku. Wamekaa, na wateja wako getini. Nifute hizo namba?"

Nilimwelewa. Ndugu zangu wenye biashara, hii ndiyo saa ambayo vikomo vingi hufutwa, na nimeona vikifutwa katika maofisi makubwa kwa sababu hiyo hiyo. Nilimwomba saa moja tu. Nikamwambia, fundi aliyekaa si hasara ya kikomo, ila kikomo kinatuambia kwamba kazi yenye thamani kwa sasa haiko kwenye benchi, iko kwenye safu iliyojaa. Twende tukaisome.

Tukashusha kadi sita za idhini mezani. Kila kadi ilikuwa na tarehe ya kuingia safu ile, na ya zamani kuliko zote ilikuwa na siku 41. Tukaanza kupiga simu, kadi moja baada ya nyingine, na haya ndiyo tuliyoyakuta.

Wateja wawili walikuwa hawajapigiwa kabisa. Fundi alidhani kijana wa mapokezi amepiga, naye kijana alidhani fundi ndiye anayejua bei. Mteja wa tatu alikwisha kukubali wiki tatu zilizopita. Aliyepokea simu alisema "sawa mzee" na hakuigusa kadi. Wa nne alikuwa kisiwani Goziba na simu yake haikupatikana. Wa tano alisema bei imemshinda, anaitaka injini yake kama ilivyo, na alishangaa kwa nini hakuulizwa mapema. Wa sita alikuwa bado anatafuta fedha.

Kati ya wale wawili wasiopigiwa, mmoja alikubali papo hapo na mwingine akataka kwanza ashauriane na mwenzake wa mtumbwi. Saa moja ilipokwisha, kadi tatu zilikuwa zimetoka na tatu zimebaki. Kikomo ni mbili, kwa hiyo safu ilikuwa bado imefungwa. Lakini mama alikuwa ameshika kiti, anazitazama zile kadi. Akasema: "Siku arobaini na moja. Na mimi nalalamika wateja hawalipi."

Sikuongeza neno. Yeye mwenyewe ndiye aliyebuni dawa ya safu ile, na ni nzuri kuliko ambayo ningeileta mimi. Tangu siku ile mteja anapoleta injini, anaulizwa mapokezini: hadi shilingi ngapi tuendelee bila kukupigia? Kiasi kinaandikwa kwenye kadi. Uchunguzi ukileta gharama iliyo chini yake, kadi inairuka safu ya idhini kabisa. Mvuvi anayekwenda ziwani usiku na kulala mchana hapati tabu ya simu, na gereji haimsubiri.

Safu ya spea ilikuwa na siri ya namna nyingine. Kadi saba, na tulipoandika kwenye karatasi kila moja inasubiri nini, nne zilisubiri kitu kile kile: impela ya pampu ya maji. Mafundi mnacheka kwa sababu mnajua. Kwa wenzetu wengine, impela ni kigurudumu kidogo cha mpira chenye mabawa, kimekaa juu ya gia za mkiani mwa injini, kinavuta maji ya ziwa kuja kupoza injini. Mvuvi akipita kwenye maji mafupi ananyonya mchanga, na mchanga unayala mabawa. Akipita kwenye magugu maji, tundu la kunyonyea linaziba, na impela inazunguka kavu hadi inaungua. Ukitaka kujua, tazama kamrija ka maji kanakotoka pembeni injini ikiwa inawaka. Kakikatika, zima haraka, la sivyo unaelekea kuunguza pistoni. Ni kifaa kidogo na cha bei ndogo kulinganisha na injini. Lakini kilikuwa kikiagizwa kimoja kimoja, kila kilipohitajika, na kuletwa kwa kifurushi cha basi kutoka Dar es Salaam. Injini nne za watu zilikuwa zimelala chini ya mwembe kwa sababu hakuna aliyewahi kuzitazama kadi saba kwa pamoja na kuona kwamba nne zina jibu moja.

Mngeniuliza: ingehitajika namba nyekundu kuona hilo? Si lingeonekana tu? Nami najibu kwamba kadi zilikuwa ukutani mwezi mzima. Hazikuonekana mpaka mafundi walipokosa kingine cha kufanya.

Wenzangu wa ofisi, mnaoshika majalada badala ya spana, fanyeni jaribio hilo hilo. Chukueni safu ya "inasubiri saini" au "inasubiri majibu ya idara nyingine", mwandike kila jalada linasubiri nini hasa, kwa nani, na tangu lini. Msikubali neno "inashughulikiwa". Mtashangaa ni mangapi yanasubiri kitu ambacho hakuna aliyekiomba.

Hoja ya nne: kikomo hakifuti mbalamwezi

Sasa naja kwa wavuvi. Ninyi mnavua dagaa kwa taa, na taa inafaa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikaribia kukomaa dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, na hapo ndipo kila mtu anakumbuka injini yake mbovu. Katika siku hizo chache gereji inaletewa injini ambazo zingetosha wiki tatu, na wote wanazitaka kabla giza halijarudi. Siwezi kusimama hapa nikasema namba ya chaki inaizuia mbalamwezi.

Kinachobadilika ni mahali foleni inapokaa. Zamani ilikaa uani, imechanganyika na kazi, imefunguliwa nusu. Siku hizi inakaa kwenye orodha getini: jina, mwalo, namba. Nafasi ikipatikana, mtu anapigiwa alete. Kuna faida hapo ambayo sikuiona mpaka mvuvi mmoja aliponieleza. Injini inayosumbua bado inaweza kumpeleka mtu hadi mwalo wa jirani. Ikishalala uani kwa fundi haimpeleki popote. Pia mtu wa tisa kwenye orodha anaweza kuamua kwenda kwa fundi mwingine, na uamuzi huo ni haki yake. Zamani tulimnyima kwa kumwambia "iache tu, tutaiangalia."

Nisiwafiche ugumu. Wateja wengine walikasirika, na wachache hawakurudi. Mafundi waligundua mbinu ya kuandika kadi moja kwa injini mbili za mtu mmoja, tukaikataza. Ikaja pia kadi ya "haraka". Tuliiruhusu, kwa sababu kuna dharura za kweli, kwa mfano mtumbwi unaobeba wagonjwa kutoka kisiwani. Lakini tukaiwekea kikomo chake: moja tu kwa wakati mmoja, inapita juu ya nyingine zote. Wiki ambayo tuliruhusu tatu, safu ya matengenezo ilirudia hali ya zamani ndani ya siku nne, injini zikiwa zimefunguliwa nusu kila mahali.

Watu huniuliza namba sahihi ni ipi. Naangalia mambo mawili. Mwezi mzima ukipita na safu haijagonga kikomo hata mara moja, namba ni kubwa mno na haikuonyeshi kitu. Ipunguze kwa moja. Kwa upande mwingine, mafundi wakikaa mara kwa mara huku kila kadi inayosubiri imekwisha kufanyiwa yote yanayowezekana na mtu yeyote, namba ni ndogo. Iongeze kwa moja. Ila msiiongeze siku inapouma. Andikeni sababu, mlale, mwamue kesho yake. Kule gereji tulipandisha ya spea kutoka 3 hadi 4 kwa sababu vipuri vya injini za farasi 40 vinachelewa kwelikweli na hakuna simu inayoviharakisha. Baada ya wiki sita, impela na plagi zikiwa kabatini, tukairudisha 3.

Kushuka kutoka 26 hadi 10 kulichukua zaidi ya miezi miwili, kwa kumaliza zilizo ndani kabla ya kupokea nyingi mpya. Katika mwezi wa nne zilitoka injini 17, kwa mafundi wale wale wawili. Wenye hesabu mmekwisha kuzigawa: 10 kwa 17, kama siku 17 na nusu kwa injini moja tangu inapovutwa ndani hadi imalize majaribio. Siku za getini zipo juu ya hizo, na lazima zihesabiwe pia, la sivyo tutakuwa tumejidanganya kwa njia mpya. Ndiyo maana kwenye orodha ya geti tunaandika tarehe.

Lililo mbele

Ndugu Mwenyekiti, naona umeitazama saa, nami nimekaribia kufika. Ukiacha ya zilizopokelewa, ambayo foleni yake sasa inakaa getini, kuna safu moja ambayo sikuitaja kwenye namba nyekundu, na wasikivu mmeigundua: "tayari". Hatukuiwekea kikomo, kwa kuamini kwamba kazi iliyokwisha haina tatizo tena. Nilipokwenda mara ya mwisho ilikuwa na kadi nane. Injini nane zimetengenezwa, zimejaribiwa kwenye pipa, zimefutwa vumbi, zinasubiri wenyewe waje na fedha. Fedha ya spea zake ilikwisha kutoka mfukoni mwa mama, na fedha hiyo ndiyo ingenunua impela za mwezi ujao.

Tumekubaliana kuiandikia namba 4 mbalamwezi ijayo. Ikijaa, pipa la majaribio litasimama, matengenezo yatasimama nyuma yake, na mafundi wawili watakaa tena kwenye benchi wakiutazama ubao. Mama anadhani jibu litakuwa malipo ya awali wakati wa kupokea. Fundi mkuu anadhani ni kumpigia mteja siku mbili kabla injini haijakamilika, si baada. Mimi sijui bado, na nimemwomba kijana wa mapokezi aandike kwenye kila moja ya zile kadi nane inasubiri nini hasa, kwa nani, na tangu lini.

Yeyote kati yenu anayetaka kuona anakaribishwa. Aje siku ya pili baada ya mwezi kukomaa, mapema, kabla ya saa nne.